Kabla mteja hajatuma arubuni: mpiga picha ajieleze vipi bila kutaja kamera

Hebu soma maelezo haya kama mtu anayetafuta mpiga picha wa harusi ya dadake:

"Mimi ni mpiga picha mtaalamu mwenye ari kubwa. Natumia Canon EOS 6D Mark II, lenzi ya 50 mm na ya 70–200 mm, flashi mbili, droni na programu ya Lightroom. Ubora wa hali ya juu, bei nafuu. Karibuni nyote."

Maelezo ya aina hii utayapata kwenye kurasa nyingi za wapiga picha, kuanzia Mombasa hadi Kisumu, na Voi pia yapo. Hayana uongo. Shida ni kwamba ukimaliza kuyasoma bado hujui kama umtumie huyu mtu pesa.

Na hapo ndipo penye mambo. Mpiga picha huuza kitu ambacho bado hakijakuwepo. Fundi wa viatu unamwona kiatu mkononi, mama wa mboga unaona sukuma wiki mezani. Mpiga picha anakuomba shilingi 20,000 leo kwa ajili ya picha zitakazopigwa miezi miwili ijayo. Anayetuma pesa hizo mara nyingi si bibi harusi mwenyewe. Ni mweka hazina wa kamati ya harusi, ambaye hajawahi kukutana na mpiga picha, au kaka aliye Nairobi au Doha ambaye ametumiwa tu kiungo kwenye kundi la WhatsApp na kuulizwa, "Huyu je?" Huyo kaka ana maswali matatu. Picha zitafanana na nini? Ameshawahi kufanyia watu kama sisi? Nikishatuma pesa, kitafuata nini?

Orodha ya vifaa haijibu hata moja. Kwa hivyo leo tutakaa na sehemu ile ndogo ya "Kuhusu mimi" na kuiandika upya. Tutumie mfano wa kubuni: mpiga picha anayeishi Ndara, karibu na Voi, upande wa vilima vya Sagalla, anayefanya kazi peke yake na kusafiri hadi Mwatate, Wundanyi na Kasigau. Maelezo ya hapo juu tuseme ni yake.

Kwanza, kamera inasema nini hasa?

Ukimuuliza mpiga picha kwa nini ametaja kamera, atakuambia ni ili mteja ajue yeye si mtu wa kubahatisha. Sawa. Lakini mteja wa kawaida hajui 6D Mark II ni kitu gani. Anayejua, naye, ataona jambo ambalo mpiga picha hakukusudia kumwambia: kamera hiyo ina nafasi ya kadi moja tu ya kumbukumbu. Kadi hiyo ikiharibika saa tisa mchana, picha za ibada ya saa nne asubuhi zimekwenda nayo. Kuna kamera zinazoandika picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, na wapiga picha wengi wa harusi wanazipenda kwa sababu hiyo.

Hiyo haimaanishi mpiga picha wetu hafai. Inamaanisha kwamba jambo linalomhusu mteja haliko kwenye jina la kamera, liko kwenye anachofanya mpiga picha kulinda kazi. Mtu mwenye kamera ya kadi moja anaweza kubadilisha kadi kila sehemu ya sherehe inapoisha, akaja na kamera ya pili, na usiku uleule akanakili kila kitu kwenye diski mbili. Hayo mteja anayaelewa. Kwa hivyo kila kifaa unachotamani kukitaja, jiulize kinamfanyia nini mteja, kisha andika jibu na uache jina la kifaa. Flashi mbili zinakuwa "nikipiga ndani ya ukumbi wenye giza, nyuso zinaonekana". Droni inakuwa swali: kweli unaitumia, na unacho kibali cha kuirusha? Kama hapana, itoe kabisa.

Mtindo: andika kinachoonekana

Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi, na ndiyo maana wanakimbilia kamera. Kuandika "lenzi ya 50 mm" ni rahisi kuliko kueleza picha zako zinafanana na nini. Wakijaribu, wanaishia kwenye maneno kama "za kipekee", "zenye hisia", "za kiwango cha kimataifa". Maneno hayo yana kasoro moja: hakuna mpiga picha duniani anayeweza kusema kinyume chake. Nani ataandika kwamba picha zake ni za kawaida na hazina hisia?

Basi tumia kipimo hicho. Sentensi ya mtindo inafaa kama mpiga picha mwingine mzuri angeweza kusema kinyume chake bila aibu. "Sipangi watu sana, nawafuata" inafaa, kwa sababu kuna mwenzako hodari anayepanga kila mtu, kidevu juu, mkono kiunoni, na ana wateja wanaompenda kwa hilo. "Rangi zangu ni kali" inafaa, kwa sababu mwingine anapenda rangi tulivu. Sentensi ya aina hii itamfukuza mteja fulani, na afadhali aende sasa kuliko kulalamika baada ya kulipa.

Mtu wa kuangalia hapa ni Thandiwe Muriu, mpiga picha Mkenya anayejulikana nje na ndani kwa msururu wa picha unaoitwa Camo. Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: wanawake waliovaa kitenge wamewekwa mbele ya kitambaa chenye ruwaza ileile, mpaka mwili unakaribia kupotea ndani yake, na kinachobaki mbele ya macho yako ni uso, nywele zilizosukwa kwa ustadi, na miwani iliyoundwa kwa vitu vya kila siku. Umeiona picha bila kuambiwa kamera gani. Wewe wa harusi na kipaimara huhitaji wazo kubwa kama hilo, lakini unahitaji sentensi ya aina hiyo, inayoonyesha kilichomo ndani ya fremu.

Utaipata vipi? Chagua picha 20 kwenye simu yako ambazo ungependa kuzipiga tena kesho. Si zile zilizopata mioyo mingi Instagram, zile unazozipenda wewe. Ziweke kwenye albamu moja, uzipitie haraka, na uangalie kinachojirudia. Uko karibu na watu au uko mbali? Wanakutazama au wanatazamana? Jua liko wapi? Nyuma yao kuna nini?

Mpiga picha wetu wa Ndara akifanya hivyo, nadhani atakutana na mambo mawili ya kwao. La kwanza ni jua. Voi iko karibu na ikweta, kwa hivyo mchana jua linasimama karibu juu ya utosi. Kuanzia kama saa nne hadi saa tisa, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi na gauni jeupe linawaka mpaka mishono haionekani. Ukipanda Wundanyi mambo yanabadilika, kuna ukungu na mwanga laini ambao huko chini utauota tu. La pili ni udongo. Ule wekundu unaowapaka rangi ndovu wa Tsavo huurudisha mwanga kutoka chini, na gauni jeupe likisimama juu yake linapata wekundu kwenye pindo na chini ya kidevu. Mpiga picha mmoja atauondoa wekundu huo kwenye kompyuta. Mwingine atauacha kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo nyumbani. Yote mawili ni mtindo, na mteja ana haki ya kujua lako ni lipi.

Kuna jambo la tatu ambalo wateja hawaliulizi waziwazi, lakini linawakera wakishapokea picha: ngozi. Wapo wahariri wanaong'arisha ngozi ya kila mtu mpaka shangazi hajitambui. Ukiwa hufanyi hivyo, liandike. Sentensi fupi tu, "ngozi yako itabaki na rangi yake", nadhani itakuletea simu nyingi kuliko jina la lenzi yoyote.

Tahadhari moja. Usiahidi mwanga usioweza kuupata. Ukiandika "napenda jua la jioni" na ibada imepangwa kuisha saa saba mchana, mteja atauliza utafanya nini hapo katikati. Jibu lake liwemo: unatafuta kivuli cha mti au baraza, na picha za maharusi wawili peke yao mnazisubirisha hadi saa kumi na moja na nusu. Na kwenye picha zako za mfano iwemo angalau moja ya saa saba mchana. Mtu akiona machweo matupu, ajue hujamwonyesha kazi yote.

Wateja wako ni akina nani, na ni nani si wako

"Karibuni nyote" inasikika kama ukarimu, ila msomaji haimwambii kama yeye yumo. Mweka hazina wa kamati anataka kusoma neno "harusi", jina la mji anaoujua, na ukubwa wa sherehe kama yake. Harusi ya wageni 80 nyumbani Sagalla na ya wageni 400 ukumbini Voi ni kazi mbili tofauti; hiyo ya pili mtu mmoja atapata shida kuifanya peke yake.

Andika basi kazi zinazokuja kweli, kwa mpangilio wa wingi wake. Kwa mtu wa Ndara zinaweza kuwa harusi, kupeleka mahari, kipaimara, mahafali ya Chuo Kikuu cha Taita Taveta, na siku za kazi picha za bidhaa kwa vikundi vya akina mama wanaosuka vikapu Kasigau au wanaofuga nyuki Sagalla, ambako mizinga hutundikwa kwenye ua kuzuia ndovu wasiingie mashambani. Ukitaja vikundi hivyo, taja na kinachotofautiana. Picha ya kikapu cha kuuzwa mtandaoni inataka mandhari ya nyuma yaliyo safi na rangi zinazolingana na kikapu chenyewe, sio machweo.

Halafu andika usichofanya. Watu wanaona "Voi" na moja kwa moja wanafikiria Tsavo na simba. Kupiga picha za biashara ndani ya mbuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na ada zake, na lenzi za kazi hiyo ni za aina nyingine. Kama hufanyi, sema hufanyi. Vivyo hivyo kwa video. Mstari mmoja wa "sipigi video" unakuokoa na mabishano ya asubuhi ya harusi, pale mjomba anapouliza ile ya video iko wapi.

Nikuambie kitu kimoja nje ya mada kidogo. Miaka ya 1990 pale kwenye feri ya Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na studio ndogo za kando ya barabara, zimepambwa kwa mandhari yaliyochorwa na vitambaa vya kumetameta. Mpita njia alitazama pambo, akatazama picha zilizobandikwa, akajua hapa nitatoka vipi na watu wanaokuja hapa ni watu kama mimi. Pambo lilifanya kazi ambayo leo inafanywa na aya tatu kwenye simu.

Utaratibu: kitakachotokea baada ya pesa kutumwa

Sisi kama watu wa malipo hapa ndipo tunaposikia malalamiko mengi, hivyo nitakawia kidogo. Mteja akituma arubuni kwa mtu asiyemjua, dakika chache baadaye huanza wasiwasi. Akikosa maelezo yaliyoandikwa, anapiga simu. Usipopokea kwa sababu uko kwenye kipaimara Mwatate, tayari ameshaanza kuambia kundi kwamba huenda ameibiwa.

Kwanza, jina. Mteja anapolipa kwa namba ya Till, jina linalotokea kwenye simu yake linapaswa kulingana na jina lililo kwenye ukurasa wako. Kama ukurasa una jina la studio na simu inaonyesha jina la mtu mwingine kabisa, pengine la shemeji aliyekusajilia, mtu mwangalifu atasita hapohapo na hatabonyeza kukubali. Ama ubadilishe usajili, ama uandike wazi kwenye maelezo jina litakalotokea.

Pili, siku. Usiandike "picha utazipata haraka". Piga hesabu. Harusi moja inaweza kukuachia picha 1,800 kwenye kadi. Kuzichuja hadi 350 kunaweza kuchukua saa nne. Ukihariri kila moja kwa dakika mbili, ni dakika 700, yaani karibu saa 12. Jumla saa 16. Kama una saa tatu kila jioni baada ya shughuli nyingine, harusi moja ni jioni tano au sita. Sasa fikiria Desemba yenye harusi nne: ni jioni 22 hivi, na hujaugua, stima haijapotea. Kwa hivyo wiki nne ni ahadi ya kweli, na wiki mbili ni ahadi ya Februari tu. Andika ile unayoweza kuitimiza Desemba. Ukimaliza mapema, mteja atafurahi mwenyewe.

Lakini wiki nne ni ndefu kwa bibi harusi anayetaka kubadilisha picha ya wasifu kesho. Dawa yake ni picha 20 za kwanza ndani ya siku tatu. Ishirini ni kazi ya saa moja na nusu hivi, na hapo utakuwa umemtuliza mteja, kamati yake, na yule kaka wa Doha.

Tatu, makubaliano. Mteja ajue kwamba kuna ukurasa mmoja wa maandishi kabla ya pesa, wenye tarehe, mahali, kiasi, nauli ya kupanda Wundanyi au kwenda Kasigau, na kinachotokea sherehe ikiahirishwa. Ukurasa huo una faida kwako pia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa na mteja kwa malipo huhesabiwa hakimiliki yake imehamia kwake, isipokuwa mkikubaliana vingine. Wapiga picha wengi wanadhani ni kinyume. Ukitaka kubaki na haki ya kuweka picha hizo kwenye ukurasa wako, mkubaliane kwa maandishi. Na hata mkikubaliana, waliomo ndani ya picha wana haki zao chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wewe wa kipaimara, picha zako nyingi za mfano zina watoto. Omba idhini ya mzazi, na kwenye maelezo yako uandike kwamba huwa unaomba. Mzazi mwingine akisoma hapo atakuamini zaidi.

Yakiwekwa pamoja

Sasa mpiga picha wetu anaandika hivi:

"Napiga picha za watu jinsi walivyo siku yenyewe. Nusu saa napanga familia kwa picha za pamoja, baada ya hapo nakaa pembeni na kuwafuata. Mchana natafuta kivuli, na maharusi nawapiga jua likishuka, udongo wetu mwekundu ukionekana. Ngozi yako itabaki na rangi yake.

Wengi wanaoniita ni familia za Voi, Mwatate na Wundanyi: harusi za wageni hadi 250, kupeleka mahari, kipaimara na mahafali. Siku za kazi nawapigia picha za bidhaa akina mama wa vikapu na asali. Sipigi video wala wanyama wa mbugani.

Tunaanza kwa kuongea kwa simu, kama dakika 15. Kisha nakutumia makubaliano ya ukurasa mmoja. Ukilipa nusu kwa Till, jina langu la biashara litatokea kwenye simu yako, na tarehe inakuwa yako. Nakuja na kamera ya akiba, na usiku huohuo nanakili picha zako mahali pawili. Baada ya siku 3 unapata picha 20. Ndani ya wiki 4 unapata zote, 300 hadi 400, ukishamaliza nusu iliyobaki. Picha yako siitumii kwa matangazo bila ruhusa yako, na ya mtoto bila ruhusa ya mzazi."

Ni maneno kama 155. Yanatosha kwenye ukurasa wa Facebook au tovuti, na ukiyatuma kwenye kundi la kamati yanajitosheleza bila wewe kuwepo kuyaeleza. Angalia pia alivyotumia "mimi" wala si "timu yetu". Anafanya kazi peke yake, na mteja atagundua hivyo siku ya harusi akishuka peke yake kwenye matatu. Kusema "sisi" kungemfanya aonekane mkubwa kwa wiki mbili tu.

Instagram inaruhusu herufi 150 pekee kwenye wasifu, kwa hivyo hapo anapunguza: "Picha za harusi na familia, Voi hadi Wundanyi. Jua la jioni, ngozi kwa rangi yake. Picha 20 ndani ya siku 3. Piga simu kwanza." Maswali yote matatu yamejibiwa, ingawa kwa ufupi. Hakuna nafasi ya Canon hapo hata angetaka.

Utajuaje kama yanafanya kazi

Usihesabu waliopenda ukurasa. Fungua jumbe 20 za mwisho kutoka kwa watu wapya na usome swali lao la kwanza. Wakiuliza "unafanya pia harusi?", aya ya wateja haijaeleweka au iko chini mno. Wakiuliza "picha ziko tayari lini?" au "nikilipa nitapata risiti?", utaratibu haujaandikwa wazi. Wakituma picha ya mpiga picha mwingine na kusema "nataka kama hii", na haifanani kabisa na zako, ujue mtindo wako haujaonekana kwenye maneno wala kwenye picha za mfano. Lakini wakiuliza "tarehe 12 Desemba uko huru?", hapo wamekwisha kukukubali na kilichobaki ni kalenda.

Swali la bei litabaki, usihangaike nalo. Baadhi ya wapiga picha huandika bei ya kuanzia kwenye maelezo, wengine hawaandiki. Mimi naona ni heri kuiandika, kwa sababu kamati yenye bajeti ya 15,000 na mpiga picha wa 40,000 wanapotezeana muda wote wawili.

Na ile orodha ya vifaa? Ihifadhi, ina wasomaji wake. Loji inayotaka picha za vyumba za kuchapishwa kwa ukubwa wa bango inaweza kuuliza kamera inatoa picha ya ukubwa gani. Mpiga picha mwenzako anayekukodi kama msaidizi atataka kujua lenzi zako zinaingia kwenye kamera yake. Kampuni ya bima itataka hata namba za usajili za kila kifaa. Iweke kwenye faili moja kwenye simu, uitume anapoomba mtu wa aina hiyo.